Kotesheni ikikaa kimya: namna ya kuifuatilia bila kuonekana una njaa

Mteja ameomba bei ya kupanda Mlima Meru. Umekaa chini ukapiga hesabu ya viingilio vya hifadhi, vitanda vya mlimani, askari wa uhifadhi, waongozaji, mpishi, wapagazi, chakula na gari la kuwafikisha watu Momella. Umetuma kotesheni. Siku ya kwanza kimya, ya tatu kimya, wiki inakatika. Hapo ndipo wenye kampuni ndogo za utalii Arusha tunapoharibu, na tunaharibu kwa njia mbili. Wapo wanaonyamaza na wao, wakiona kufuatilia ni kujidhalilisha. Wapo wanaopiga simu kila asubuhi na kushusha bei kabla hawajaombwa. Wa kwanza anapoteza safari ambayo pengine ilikuwa yake. Wa pili hata akiipata, anaipata kwa bei isiyomlipa, kwa mteja ambaye tayari amemdharau.

Njia ya katikati ipo na inafundishika. Ufuatiliaji mzuri hupangwa kabla kotesheni haijatumwa, na kila ujumbe unaoutuma humpa mteja kitu cha kumsaidia kuamua. Nitaonyesha hilo kwa safari moja ya mfano, mwanzo hadi mwisho, pamoja na maneno yenyewe ya kuandika.

Kimya kina sababu, na mara nyingi si wewe

Wateja wa ndani wanaopanda Meru mara nyingi huja kwa vikundi: wafanyakazi wa ofisi moja, wanachama wa chama cha akiba na mikopo, watu waliosoma pamoja, kwaya. Anayekuandikia ni katibu wao au mtu aliyejitolea. Yeye haamui. Kotesheni yako anaipeleka kwenye kikao au anaitupia kwenye kundi la WhatsApp, kisha anasubiri kama unavyosubiri wewe. Ukimbana, unambana mtu asiye na jibu, na mtu asiye na jibu hukwepa simu.

Sababu za kawaida ni chache. Kikao hakijakaa. Michango haijatimia na idadi ya watu imepungua. Wanalinganisha bei za kampuni tatu. Bei imewashinda na wanaona haya kusema. Au kotesheni haijasomwa kabisa: imeingia kwenye barua taka, au faili ni zito na halifunguki kwenye simu. Kila sababu ina dawa yake. Ukijibu zote kwa “Vipi, mmefikia wapi?”, hujajibu hata moja.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba ujumbe wako utasambazwa. Katibu akiona una maana atautuma kundini kama ulivyo. Kwa hiyo kila unachomwandikia, kiandike kana kwamba watu kumi na wawili watakisoma pamoja na mkuu wao wa kazi. Maneno kama “mbona kimya” au “nimeona umesoma hujajibu” yanamwaibisha katibu mbele ya wenzake, na hatayapeleka popote. Ujumbe wenye taarifa safi ataupeleka mwenyewe, na hapo utakuwa umeingia kikaoni bila kualikwa.

Panga ufuatiliaji ndani ya kotesheni yenyewe

Kabla ya kutuma bei, uliza maswali mawili: nani ataipitisha, na wanakaa lini. Yaulize kwa adabu na kwa sababu inayoeleweka: “Ili niiandike kwa namna itakayowafaa wajumbe, naomba kujua kikao chenu ni lini.” Hakuna anayekasirika kwa swali hilo. Akikwambia Jumamosi, umeshapata siku yako ya kufuatilia, nayo ni baada ya Jumamosi. Ukimwandikia Alhamisi unamsumbua bure.

Kisha weka tarehe ya mwisho ya bei, na uitaje pamoja na sababu yake ya kweli. Kwa safari za hapa sababu zinajulikana. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na hicho ndicho kipindi cha kuhakiki upya viwango vya hifadhi. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na gari linakwenda kwa mafuta. Hoteli hazishikilii vyumba bila malipo milele. Andika wazi kwamba kiwango cha hifadhi kikibadilishwa na mamlaka, mstari huo tu ndio utakaobadilika, mingine itabaki ilivyo. Tarehe ya mwisho ya namna hii haimtishi mtu, nawe inakupa sababu halali ya kuandika inapokaribia.

La tatu, na kwa vikundi ndilo lenye faida kubwa zaidi, usitoe bei ya idadi moja tu. Gari, mpishi, waongozaji na askari wa uhifadhi ni gharama za kikundi. Zinagawanywa kwa waliopo. Viingilio, kitanda, chakula na mpagazi ni gharama za kila mtu. Tuseme gharama za kikundi pamoja na faida yako ni shilingi 2,160,000, na za kila mtu ni 500,000. Wakiwa 12, kila mmoja analipa 680,000. Wakiwa 10, analipa 716,000. Wakiwa 8, analipa 770,000. Andika bei zote tatu. Ukiandika ya 12 pekee, halafu wanne wakajitoa, katibu ataona mpango mzima umevunjika, na atanyamaza kwa sababu hajui aanzie wapi kukueleza.

Mfano: watu 12 kutoka Dodoma

Sasa tuchukue kikundi cha kubuni. Wafanyakazi 12 wa Dodoma wanataka kupanda Meru kwa siku nne, kuanzia Jumatano tarehe 5 Agosti, washuke Jumamosi tarehe 8, sikukuu ya Nanenane. Ni wakati wa kiangazi, njia ni kavu. Siku ya kwanza wanatoka lango la Momella kwenda kulala Miriakamba, kwenye mita kama 2,500. Siku ya pili wanapanda hadi Saddle, mita kama 3,500, na mchana mwenye nguvu anapanda Meru Ndogo. Usiku wa kuamkia siku ya tatu wanaanza safari ya kilele, ambacho kiko juu ya mita 4,500, kisha wanashuka kulala Miriakamba. Siku ya nne wanarudi langoni. Wakati wote wanakuwa na askari wa uhifadhi mwenye bunduki, kwa sababu msitu wa chini una nyati na tembo.

Kotesheni imetumwa Jumanne tarehe 9 Juni. Kikao chao ni Jumamosi tarehe 13. Bei inasimama hadi Jumanne tarehe 30 Juni.

Ujumbe wa kwanza unatumwa saa ileile uliyotuma kotesheni:

“Habari za mchana, Katibu. Ni mimi wa Arusha, wa safari ya Mlima Meru. Kotesheni nimeituma sasa hivi kwa barua pepe na hapa pia. Kwa kifupi: siku 4 kuanzia Jumatano 5 Agosti. Mkiwa 12 kila mmoja ni shilingi 680,000, mkiwa 10 ni 716,000, mkiwa 8 ni 770,000. Kila kitu kimo isipokuwa usafiri wa Dodoma hadi Arusha, hoteli ya mjini na bakshishi za wapagazi. Bei inasimama hadi 30 Juni. Naomba tu uniambie kama faili limefunguka vizuri.”

Angalia kinachofanyika hapo. Umejitambulisha, kwa sababu hujui kama namba yako ameihifadhi. Muhtasari uko ndani ya ujumbe, kwa hiyo hata faili lisipofunguka ana cha kusoma na cha kusambaza. Swali ni moja, jepesi, linalojibika kwa neno moja. Akijibu “limefunguka, asante”, umeondoa shaka moja kubwa: sasa unajua kimya kitakachofuata hakitokani na faili.

Kuanzia hapo hadi Jumamosi usiandike kitu. Jumatatu nayo iache ipite. Watu wanafungua wiki na katibu ana kazi za mwajiri wake. Ujumbe wa pili unakwenda Jumanne tarehe 16, kama saa nne asubuhi:

“Habari za asubuhi, Katibu. Poleni na kikao. Kuna jambo wajumbe huenda wakaliuliza nikaona niliseme mapema: kama wapo ambao hawajawahi kupanda mlima, Meru mtu mwenye afya njema anaipanda, lakini usiku wa kilele ni mrefu na baridi ni kali. Asiyetaka kilele anaweza kupanda Meru Ndogo siku ya pili mchana, kisha akawasubiri wenzake Saddle. Bei haibadiliki. Je, kikaoni lilijitokeza swali lolote kuhusu tarehe, idadi ya watu au gharama?”

Ujumbe huu haukuuliza “mmeamua?” Umeleta taarifa ambayo watu 12 wa viwango tofauti vya afya wanaihitaji kweli, na kila kikundi kina mtu mmoja anayeogopa kimoyomoyo kwamba hataweza. Swali la mwisho limetaja milango mitatu kwa majina: tarehe, idadi, gharama. Mtu mwenye haya hawezi kuanza mwenyewe kusema “bei imetushinda”, ila anaweza kujibu “gharama kidogo”. Umemrahisishia.

Tuseme hajajibu. Ndani ya wiki hiyo usitume tena. Usitume alama za kuuliza, na ukikosea ujumbe usiufute ukaandika mwingine. Kwenye simu yake itabaki alama kwamba umefuta kitu, naye atajiuliza ulikuwa umeandika nini. Ujumbe wa tatu unakwenda Jumanne tarehe 23, ikiwa imebaki wiki moja:

“Habari za leo, Katibu. Taarifa fupi kwa wajumbe. Hoteli ya mjini iliyotushikia vyumba kwa usiku wa tarehe 4 na 8 Agosti imesema itaviachia baada ya 30 Juni tusipothibitisha, kwa sababu wiki hiyo kuna maonesho ya Nanenane hapa viwanja vya Themi na mji unakuwa na wageni wengi. Ni vyumba tu, ratiba ya mlima haiguswi. Kama mnahitaji muda zaidi, nitajie tarehe niwaombee.”

Hapa kuna haraka, lakini si yako. Ni ya hoteli na ya kalenda. Katibu anaweza kuhakikisha mwenyewe, maana Nanenane haijifichi. Na mara tu baada ya kutaja tarehe ya mwisho umejitolea kuwaombea muda. Mtu anayejitolea hivyo haonekani ana njaa. Anaonekana yuko upande wao. Lakini sharti ni moja: hoteli iwe imesema hivyo kweli. Ukiandika “nafasi zinaisha” wakati haziishi, mteja atapiga simu hoteli moja tu ajue, na tangu hapo hata ukweli wako hautaaminika.

Jumanne tarehe 30 jioni unatuma wa mwisho:

“Habari za jioni, Katibu. Kotesheni ya Meru inaishia leo, hivyo kesho nitaachia vyumba na kuwapangia waongozaji kazi nyingine. Najua mipango ya watu wengi ina mambo mengi, hata kama mmeahirisha au mmepata kwingine hakuna neno, nijulishe tu ukipata nafasi. Mkiwa tayari siku yoyote, taarifa zenu ninazo na nitaandika upya ndani ya siku moja. Asante kwa kutufikiria, salamu kwa wajumbe.”

Ujumbe huu wa kufunga huwa ndio unaojibiwa kuliko yote, na sababu yake inaeleweka. Mpaka hapo katibu alikuwa anaona deni: kuna mtu anangoja, nami sina jibu zuri. Maneno “hakuna neno, nijulishe tu” yanalifuta deni hilo. Tuseme sasa anajibu: “Samahani sana, ukweli waliolipa ni saba tu, tulikuwa tunaona aibu kukwambia.” Hapo ndipo unapojua kwamba kimya cha wiki tatu hakikuwa kuhusu bei yako wala kampuni yako.

Usimjibu kwa furaha iliyopitiliza, wala usirushe punguzo. Piga hesabu. Gharama za kikundi 2,160,000 zikigawanywa kwa saba zinakuwa karibu 309,000, na kila mmoja atatakiwa kulipa karibu 809,000. Hilo ni ongezeko kubwa kutoka 680,000 waliyoizoea. Lakini watu saba hawahitaji gari la watu 12. Ukiweka gari dogo na mwongozaji msaidizi mmoja badala ya wawili, tuseme gharama za kikundi zinashuka hadi 1,750,000, yaani 250,000 kwa kila mmoja, na bei inakuwa 750,000. Mwandikie hivyo, ukionyesha kilichobadilika. Umeshusha bei kwa kubadilisha kazi, na heshima ya hesabu yako ya kwanza imebaki palepale.

Kushusha bei bila kuombwa

Nalisemea hili peke yake kwa sababu ndilo kosa linalogharimu zaidi. Kimya kinapokuwa kirefu, mkono unawasha kuandika “nawapunguzia asilimia kumi”. Mteja akilisoma hilo anajifunza mambo mawili kwa mpigo: bei ya kwanza ilikuwa na mafuta, na kunyamaza kunalipa. Atanyamaza tena aone asilimia nyingine. Zaidi ya hapo, pengine bei haikuwa tatizo kabisa, kama tulivyoona kwa wale saba.

Wakikuomba punguzo, sikiliza, kisha uliza bajeti yao ni kiasi gani kwa mtu. Ukishajua, tafuta kinachoweza kuondoka bila kuharibu safari. Waje langoni kwa basi lao wenyewe. Wabebe mifuko ya kulalia yao badala ya kukodi. Wengi hukimbilia kukata siku moja, waende siku tatu badala ya nne. Hilo lieleze kwa ukweli: inawezekana, lakini siku ya tatu mtu ataamka usiku wa manane, apande kilele, kisha ashuke Saddle, Miriakamba hadi Momella siku hiyohiyo. Kwa mtu wa ofisini ambaye hajafanya mazoezi, magoti yatalia. Kisichoondoka kamwe ni malipo ya wapagazi na askari wa uhifadhi. Mteja akiona unajua kipi cha kukata na kipi hakikatwi, ataiheshimu na bei yenyewe.

Simu ipigwe lini

Simu ina nguvu kuliko ujumbe, ndiyo maana inachosha upesi. Ipige mara moja tu katika safari nzima ya kufuatilia, na wakati mzuri ni kati ya ujumbe wa pili na wa tatu. Piga katikati ya asubuhi au baada ya saa nane mchana. Epuka Ijumaa mchana, watu wako kwenye swala. Epuka Jumapili, na Jumamosi kwa mteja unayejua ni Msabato. Mwisho wa mwezi usimpigie mhasibu.

Asipopokea, usirudie. Simu tatu zisizopokelewa kutoka namba moja zinasomeka kama za mtu anayedai. Tuma mstari mmoja: “Nilipiga kuhusu safari ya Meru, si jambo la dharura. Nitashukuru ukinitafuta ukipata nafasi.” Akipokea, anza na salamu kamili, kwa mtu mzima shikamoo, kisha omba ruhusa: “Nimekukuta wakati mzuri?” Baada ya hapo uliza swali moja tu na umwache aongee.

Namna ya kusikia jibu lisilo jibu

Kwetu watu hawapendi kumwambia mtu “hapana” usoni. Wanasema maneno mengine, na anayefuatilia lazima ayaelewe.

“Tutawasiliana”, bila kutaja siku, mara nyingi ni hapana ya upole au ni bado sana. Usiipinge. Jibu: “Sawa kabisa. Nikutafute lini ili nisikusumbue?” Akitaja siku, una mteja, iandike na umtafute siku hiyohiyo, usiiwahi wala usiichelewe. Akirudia “tutawasiliana tu”, mshukuru, usubiri ujumbe wa kufunga.

“Bado tunalifanyia kazi” maana yake kuna mtu juu yake hajapitisha. Usimwombe namba ya bosi. Muulize kama kuna karatasi inayohitajika: profoma yenye jina la ofisi, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara ya utalii, kotesheni yenye VAT iliyotenganishwa. Mara nyingi faili limesimama mezani kwa kukosa karatasi moja ambayo hakuna aliyekwambia.

“Bei iko juu kidogo” ni habari njema. Asiyekutaka hajisumbui kujadili bei. Hapo rudi kwenye hesabu niliyoionyesha hapo juu.

“Kuna watu wametupa bei nzuri” isikutoe jasho. Usiwaseme wenzako vibaya, mji huu ni mdogo. Waombe walinganishe vitu vinne: kama viingilio vyote vya hifadhi vimo, wapagazi ni wangapi na wanalipwa kiasi gani, ni siku tatu au nne, na kama VAT imo. Bei ya chini mara nyingi imekosa kimojawapo, nao wataiona tofauti wenyewe.

Ofisi za umma ni mlango mwingine

Kama mteja ni taasisi ya Serikali na zabuni imepita kwenye mfumo wa NeST, ulio chini ya PPRA, sahau karibu yote niliyosema kuhusu simu na ujumbe. Pale maswali yanaulizwa ndani ya mfumo na majibu yanatoka humohumo. Kumpigia afisa ununuzi wakati tathmini inaendelea kunaweza kuonekana ni kujaribu kumshawishi, na kukakuharibia hata kama bei yako ndiyo bora. Fuatilia hali ya zabuni kwenye akaunti yako, uhakikishe taarifa za kampuni hazijapitwa na wakati, basi.

Daftari, na mahali pa kuishia

Yote haya hayawezekani kwa kukumbuka kichwani, hasa msimu wa Juni hadi Oktoba ambapo unaweza kuwa na kotesheni nyingi mkononi. Weka daftari au jedwali lenye safu sita: jina la mteja, tarehe ya kutuma, siku ya kikao, tarehe ya mwisho ya bei, siku ya ujumbe unaofuata, na sababu ya kimya ukishaijua. Safu ya mwisho ndiyo itakayokufundisha biashara. Ukiona “idadi ilipungua” imejirudia, kotesheni zako zinahitaji bei za idadi nyingi zaidi. Ukiona “faili halikufunguka”, punguza picha. Ukiona “bei” kila mstari, kaa na hesabu zako upya, kwa maana hapo shida haiko kwenye ufuatiliaji.

Na baada ya ujumbe wa kufunga, funga kweli. Usitume mwingine wiki inayofuata. Mtafute tena pale tu utakapokuwa na jambo linalomhusu, kwa mfano msimu mwingine wa kiangazi unapokaribia, mwezi wa Desemba. Jumbe nne kwa wiki tatu, simu moja, hakuna punguzo lisiloombwa: hicho ndicho kipimo. Ukikizidi, mteja ataanza kukukwepa, usipokifikia, atakusahau. Kwa hiyo chukua kotesheni uliyotuma wiki hii, itafutie tarehe ya mwisho yenye sababu ya kweli, na uandike leo siku ya ujumbe wako wa pili.